Mvuke hufurisha shuu, ukuta ndio huisimamisha

"Shikamoo mwalimu. Napika vitafunwa vya oda hapa Tanga, na krimu pafu ndizo zinazonitoa jasho. Natumia maji mililita 250, siagi gramu 110, unga wa ngano gramu 150, chumvi kidogo na mayai manne. Oveni yangu ni ya gesi, naiweka 200 kwa dakika 25. Zinafura na kupata rangi nzuri, lakini nikizitoa tu zinabonyea kama zimepigwa ngumi, na ndani kuna utando mbichi kama chapati ya maji isiyoiva. Nimeongeza yai la tano, nimetia beking pauda, nimebadilisha unga, wapi! Kuna wanaoniambia ni hewa ya pwani. Nakosea wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Vipimo vyako havina ubaya, mimi mwenyewe natumia karibu hivyo hivyo. Shuu, yaani lile ganda la krimu pafu, ina kazi mbili, na zako zinafaulu ya kwanza na kufeli ya pili. Kazi ya kwanza ni kufura, na hiyo hufanywa na mvuke. Ya pili ni kubaki imesimama mvuke ukishaondoka, na hiyo ni kazi ya ukuta. Sasa angalia ulivyojaribu: yai la tano, beking pauda, unga mwingine. Vyote ni dawa za kufura, na kufura hukuwa na shida nako. Ndiyo maana hakuna kilichosaidia, na yai la tano huenda limekuongezea tatizo jingine ambalo nitalifikia.

Nianze na tundu lililo ndani ya shuu, maana ukielewa linatoka wapi utajua pia kwa nini linajifunga. Umeshaona chapati nzuri inavyofura kwenye kikaango: maji yaliyo ndani ya unga yanageuka mvuke, mvuke unakosa pa kutokea, unatenganisha ngozi ya juu na ya chini. Shuu inafanya jambo hilohilo, ila kwa maji mengi zaidi. Ukijumlisha maji uliyopima, maji yaliyomo kwenye mayai (robo tatu ya yai ni maji) na yale kidogo yaliyo ndani ya siagi na unga, utakuta zaidi ya nusu ya uzito wa rojo la shuu ni maji matupu. Ungechanganya hivyo vitu vikiwa baridi ungepata uji wa kumimina, wala usingeweza kuukamua kwenye mfuko ukasimama.

Kinachowezesha maji yote hayo kushikwa ni ile hatua ya sufuriani, na hapa mtu aliyezoea kusonga ugali anaelewa upesi kuliko mwingine. Unga ukiukoroga kwenye maji baridi unatuama chini. Maji yakipata moto, kuanzia karibu nyuzi 60, punje za wanga zinaanza kunywa maji na kuvimba, na uji unashika. Unapomwaga unga wa ngano kwenye maji na siagi vinavyochemka, unasonga ugali wa ngano wenye siagi, basi. Wanga uliopikwa unabeba maji mengi zaidi kuliko wanga mbichi. Moto huohuo unaivunja nguvu gluteni, ile inayofanya unga wa chapati ujirudi ukiusukuma. Donge la shuu halijirudi, ukilivuta linakwenda, na hilo ndilo tunalotaka: kitu kinachotanuka kama puto bila ubishi. Mayai yanayofuata yanalilainisha donge lipitike kwenye mfuko, na baadaye, yakipata moto wa oveni, yanaganda na kuwa mifupa ya ukuta.

Ndani ya oveni moto unaanzia nje. Ngozi ya juu inashika kwanza, bado laini na yenye kuvutika, na mvuke haupiti hapo kwa urahisi. Katikati, maji yanafikia kuchemka. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke inachukua nafasi ya zaidi ya lita moja na nusu, kwa hiyo maji ya nusu kijiko cha chai yangetoa mvuke wa karibu lita nne. Mvuke unaingia kwenye vipovu vidogo vya hewa vilivyobaki wakati ulipokuwa ukipiga rojo, vipovu vinavimba, kuta kati yao zinapasuka, viwili vinakuwa kimoja, vinne vinakuwa kimoja, mpaka unabaki na chumba kimoja kikubwa na rojo lote limesukumwa pembeni. Hilo ndilo tundu. Zile nyuzi nyembamba unazoziona ndani ukipasua shuu ni mabaki ya kuta zilizopasuka.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni kwamba ngozi ile inavuja muda wote. Shuu ni puto lenye matundu madogo ambalo mtu analipuliza: linabaki kubwa maadamu pumzi inaingia upesi kuliko inavyotoka. Kati ya dakika ya 15 na ya 20 shuu ya kawaida imeshafikia ukubwa wake wote na imeanza kupata rangi. Kwa macho imeiva. Lakini ukuta bado una maji mengi na unapinda kama tambi iliyochemshwa. Ukiitoa wakati huo, mvuke wa ndani unapoa na kurudi kuwa maji, nafasi uliyokuwa ukiijaza inabaki tupu, na ukuta hauna nguvu ya kujibeba. Unabonyea, na maji yale yanarudi kwenye unga uleule. Kwa hiyo kubonyea na utando mbichi, ambavyo umeviandika kama matatizo mawili, ni kosa moja: umezitoa mapema.

Kosa hili nalijua kwa sababu nimelifanya kwenye oda ya harusi. Nilikuwa na trei sita za kupitisha kwenye oveni moja na saa zinakimbia, nikawa natoa kila trei ikishapata rangi ya dhahabu ili nyingine iingie. Nilipogeuka baada ya trei ya tatu, ile ya kwanza ilikuwa imelala kama sambusa zilizokaliwa. Tangu hapo naamini mizani kuliko rangi.

Fanya hivi uone. Kamua shuu yenye rojo la gramu 30, upana kama sentimita nne. Katika gramu hizo, karibu 18 ni maji. Ukiitoa dakika ya 25 kwa moto wako na kuipima, mara nyingi utaikuta kwenye gramu 20 au zaidi kidogo, maana yake bado ina gramu nane za maji ndani ya ukuta mwembamba. Hiyo itaanguka. Mimi nataka ifike 17, ikizidi sana 18. Tofauti ya gramu mbili tatu inaonekana ndogo, ila yote imetoka ukutani, na ukuta uliopoteza maji hayo unatoa sauti ukiugonga kwa ukucha.

Ili ufike huko usiongeze moto, ongeza muda. Anza na 200 kwa dakika 20 bila kufungua mlango, hata kama trei inahitaji kugeuzwa. Ukifungua dakika ya 12, moto unashuka, mvuke unapungua nguvu wakati ukuta haujaganda, na ikishanywea haifuri tena vizuri. Baada ya dakika 20 shusha hadi 170 na uendelee dakika 15 hadi 20 nyingine. Sasa unaweza kugeuza trei, upesi. Mwishoni toboa kila moja kwa ncha ya kisu chini au ubavuni, zima oveni, zirudishe, na uache mlango wazi kidogo kwa kubanisha mpini wa mwiko, dakika 10. Tundu la kisu linautoa mvuke nje kabla haujageuka maji ndani, na mlango ulio wazi unatoa unyevu uliojaa oveni.

Rangi usiiangalie juu, angalia kwenye mipasuko. Juu hupata rangi mapema, lakini ile mistari na nyufa ambako ngozi ilifunguka mwishoni ndiyo inayosema kweli. Ikiwa bado ni ya njano hafifu au inang'aa kwa unyevu, hazijaiva. Halafu toa moja tu, iweke mezani dakika tatu, uiache ipoe. Ikisimama, nyingine zitasimama. Ikibonyea umepoteza moja badala ya thelathini, na bado una muda wa kuziacha nyingine ndani.

Oveni ya gesi ina mambo yake. Nyingi moto wake uko chini peke yake, kwa hiyo sehemu ya chini ya shuu inaungua na ya juu inachelewa, na namba iliyo kwenye kitasa si ahadi. Nunua kipimajoto cha kuning'iniza ndani, ni kitu kidogo na kitakuondolea kubahatisha. Nimekuta oveni ya mteja wangu mmoja imewekwa 200 na ndani ni 240. Kwenye moto kama huo ngozi inakauka kabla shuu haijamaliza kutanuka, mvuke unalazimika kupasua ubavuni, rangi inakuja haraka, na mtu anatoa trei huku ndani pabichi. Weka trei ya katikati, moja kwa mara moja, na ukiona chini panaungua weka trei tupu kwenye ngazi ya chini ili ikinge moto.

Sasa yai la tano. Kitabu kikisema mayai manne kinadhani kila yai lina uzito wake, na huku kwetu mayai hayakubaliani. Yai la kuku wa kienyeji linaweza kuwa na gramu 40 bila ganda, la kuku wa mayai wa kisasa 50 au 55. Manne ya aina ya kwanza ni 160, ya aina ya pili yanaweza kufika 220. Ni kama tofauti ya yai zima na zaidi, na wewe umeongeza juu yake. Rojo likizidi yai linatandaa kwenye trei kabla halijaingia motoni, na ukuta wake unakuwa mwembamba na wenye maji mno hata ukilipika muda wa kutosha. Ndiyo maana nakuomba usihesabu mayai. Yapige kwenye bakuli, tia robo tatu yake kwenye donge kidogo kidogo, kisha endelea kwa kijiko huku ukipima kwa mwiko.

Kipimo cha mwiko ni hiki: uzamishe, uinue, rojo lining'inie kwenye ncha kama pembe tatu iliyoelekea chini, likatike polepole lenyewe. Likiganda kwenye mwiko bila kushuka, ongeza yai. Likitiririka kama uji, umepita. Njia nyingine ni kupitisha kidole katikati ya rojo ndani ya bakuli: mfereji ujifunge taratibu, usibaki wazi na usizibe papo hapo. Na ukipita, usirudishe kwa unga mkavu. Unga huo haujapikwa, haubebi maji kama ule wa sufuriani, utakupa mabonge na ukuta mzito. Songa donge jingine nusu kipimo bila mayai, ulichanganye kidogo kidogo na rojo lililozidi mpaka mwiko ukubali.

Kiasi cha yai kinategemea pia umelikausha donge kiasi gani. Baada ya unga kuingia na kushikana, punguza moto uendelee kulisonga dakika mbili au tatu. Kwenye sufuria ya kawaida utaona utando mwembamba umeshika chini, na donge linazunguka kama kitu kimoja. Kwenye sufuria isiyoshika utando huo hauonekani, na watu wengi hudanganyika hapo. Kwa hiyo tumia mizani tena: pima sufuria tupu mapema. Maji, siagi na unga wako ni gramu 510. Ukilipima donge likiwa na 475 hadi 485, liko sawa. Likiwa na 500 limebaki na maji yanayochukua nafasi ya yai. Likishuka sana chini ya 470 utaona mafuta yanaanza kujitenga, nalo ni tatizo la upande wa pili. Kisha lipoe kabla ya mayai, kiasi kwamba mvuke umepungua na kidole kinavumilia kuligusa. Mayai yanaanza kuiva kuanzia nyuzi 60 na kitu, na yai lililoivia bakulini halina kazi tena ndani ya oveni.

Ukipata shida tena, shuu yenyewe itakuambia, ila uiangalie kabla na baada ya kuitoa. Ikiwa imetandaa tangu mwanzo na haikuinuka, rojo lilikuwa jepesi. Ikiwa imebaki ndogo, nzito, yenye ukuta mnene ulio kama mkate mbichi, rojo lilikuwa gumu: mvuke haukuweza kulisukuma. Ikiwa imepasukia ubavu mmoja, moto ni mkali au ngozi ilikauka kabla ya kuingia. Na ikiwa ilikuwa nzuri, ya mviringo, kisha ikaanguka mezani, ni muda. Kwa maelezo yako wewe uko hapo.

Kuhusu utando, tusiogope kila unyevu. Nyuzi chache laini ndani ya shuu iliyosimama ni kawaida, mimi huzitoa kwa kidole kabla ya kutia krimu. Kinachokataliwa ni tabaka la unga linalonata kwenye kidole na kunuka yai. Hiyo haijaiva, usiiuze. Irudishe kwenye 160 ikiwa imetobolewa, na kama imeshabonyea, uile mwenyewe, usipoteze krimu yako.

Beking pauda iache kwa keki. Inatoa gesi mahali pengi kwa wakati mmoja, nawe unataka tundu moja. Vipovu vyake vingi vinakupa sponji ndani, na juu vinafungua ngozi ile ambayo mvuke unaihitaji iwe imefungwa. Angalia pia mfuko wa unga: ule wenye beking pauda ndani tayari una kosa hilohilo hata usipoongeza kitu. Unga wa kawaida wa mkate au wa chapati unafaa, na wenye protini zaidi kidogo hutoa ukuta unaosimama vizuri.

Na wanaokuambia habari za hewa ya pwani wana haki nusu. Hewa ya Tanga haiangushi shuu inayotoka motoni. Inachofanya ni kulainisha ganda lililokauka vizuri, kwa sababu ganda kavu hunywa unyevu, na ukiziacha wazi mezani asubuhi, jioni zitakuwa laini kama andazi la jana, ingawa umbo litabaki. Zikipoa kabisa zifunge kwenye chombo kisichoingiza hewa, na siku ya oda ziweke oveni ya 160 dakika tano hadi nane, zipoe, ndipo utie krimu. Krimu ya maziwa na mayai ikae kwenye friji mpaka dakika za mwisho. Kwa joto lenu isikae nje zaidi ya saa moja, hata kama mwenye sherehe anachelewa.

Kuna mambo mawili ambayo maandishi hayatakusaidia. Moja ni oveni: ukiona moto wa gesi ni wa njano badala ya bluu, upande mmoja hauwaki, au unasikia harufu ya gesi, zima na umwite fundi, usijaribu kurekebisha kwa kushusha na kupandisha moto. La pili ni wepesi au ugumu wa rojo. Ukishafuata mizani na bado hazisimami, tafuta mpishi wa mikate hapo mjini anayetengeneza eklea au krimu pafu, umwombe akuruhusu kushika mwiko wake mara moja. Mkono ukishalijua rojo sahihi, haulisahau.

Kwa sasa usibadilishe kitu chochote kwenye vipimo vyako. Rudi kwenye mayai yako bila lile la tano, bila beking pauda, ukamue shuu kumi na mbili kwenye trei moja. Dakika ya 25 toa sita, toboa sita zilizobaki na uziache kwa 170 mpaka dakika ya 40. Zipime zote, ziache nusu saa, kisha zipasue ukiyaweka makundi mawili ubavu kwa ubavu, na uniandikie uzito wa kila kundi.